Lekchara kasema nimeandika muhtasari, sio uhakiki. Nifanyeje?

Shikamoo dada. Niko mwaka wa pili chuo hapa Moshi, nasoma maendeleo ya jamii. Tumepewa asaimenti ya kuhakiki kitabu, maneno 1500, mi nikachagua kile cha Goran Hyden, Beyond Ujamaa in Tanzania. Nimekisoma chote nikaandika sura baada ya sura, mwishoni nikaweka kwamba kitabu ni kizuri ila lugha ngumu. Lekchara kanirudishia rasimu kaandika tu "huu ni muhtasari, tathmini iko wapi, na kitabu kinakaa wapi kwenye fani?" Sasa dada, mimi ni nani wa kumkosoa profesa? Na hiyo fani naitafutia wapi wakati laibrari yetu ina vitabu vichache? Nina wiki mbili.
Mwanafunzi, Soweto, Moshi

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Umechagua kitabu kinachofaa sana kwa kazi hii, halafu unakisoma ukiwa Moshi, hiyo itakusaidia kuliko unavyodhani, nitafika huko.

Naanza na muhtasari maana ndo uliomeza maneno yako yote. Ukienda sura kwa sura, ya kwanza inazungumzia hiki, ya pili inaelezea kile, msomaji anajua kitabu kina nini ndani ila hajui kinasema nini, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtu aliyeandika kitabu kama hicho alikuwa na swali linamsumbua, akapata jibu lake, akaleta ushahidi anaoona unalibeba hilo jibu. Muhtasari wa uhakiki ni hayo tu, swali, jibu na ushahidi, na kwa kazi ya maneno 1500 usivuke 400 hapo. Sura ambazo hazilibebi jibu unazipita kwa nusu sentensi au huzitaji kabisa, hakuna atakayekudai.

Kulipata jibu la mwandishi fanya hivi. Rudi usome utangulizi na sura ya mwisho tu, siku moja, zikifuatana, katikati usiguse. Funga kitabu. Chukua daftari uandike sentensi moja inayoanza na "Hyden anadai kwamba", na uimalize bila kufungua kitabu. Ikigoma ujue bado hujakishika, hata kama umekisoma mara ngapi. Kwa kitabu chako mimi ningeandika hivi:

"Hyden anadai kwamba serikali ya Tanzania ilishindwa kuwabadilisha wakulima wadogo kwa sababu wakulima hao hawakuihitaji serikali ili waishi: walikuwa na ardhi, nguvu kazi ya familia, na ndugu na majirani wa kukimbilia, kwahiyo sera ilipowabana walijitoa na kurudi kwenye mashamba yao ya chakula."

Hapo ndo moyo wa kitabu. Yule mkulima ambaye serikali haijamnasa, ambaye anaweza kuipa mgongo akaendelea kula, ndo mhusika mkuu wake. Na ile mitandao ya ukoo, ndugu na majirani inayomfanya aweze kujitegemea, Hyden kaipa jina ambalo kwa Kiswahili naweza kuliita uchumi wa udugu, lazima ulitaje maana ndo neno ambalo watu wanamkumbuka nalo mpaka leo. Unaongeza na mazingira kidogo: Azimio la Arusha la Februari 1967, vijiji vya ujamaa, halafu agizo la 1973 kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi kwenye vijiji, na kitabu chenyewe kikatoka 1980, yaani vumbi la operesheni vijiji hata halijatulia. Sentensi mbili tatu zinatosha, usianze kutuandikia historia ya TANU.

Ila kuna sehemu wanafunzi wengi wanateleza kwenye kitabu hiki. Wanamsoma Hyden kama mtu anayemshangilia mkulima kwa kuishinda serikali. Sio hivyo. Yeye anaona huo uhuru wa mkulima ni kikwazo, na kwamba nchi haitaendelea mpaka mkulima aunganishwe na uchumi mkubwa kwa namna ambayo hawezi tena kujitoa kirahisi. Hilo ni dai zito na ni gumu kumeza, na ukiliacha nje ya muhtasari tathmini yako yote itampiga mtu ambaye hayupo kwenye kitabu. Kabla hujamkosoa mwandishi hakikisha umemweleza kwa namna ambayo yeye mwenyewe akisoma angesema ndio, hicho ndo nilichosema.

Ukimaliza muhtasari pitia vitenzi vyako kwa kalamu nyekundu. Kama vingi ni "anazungumzia", "anaelezea", "anagusia", basi umerudi kulekule, kwa sababu hata jedwali la yaliyomo linaweza kusema hivyo. Vibadilishe kuwa "anadai", "anapinga", "anakubali", "anadhani", "anatumia mfano wa fulani kuonyesha". Utashangaa, ukijilazimisha kutumia "anadai" inabidi ujue anadai nini, na hapo hapo muhtasari unakaa sawa wenyewe. Na najua mtaiandika kwa Kiingereza, sawa, ila hoja zipange kwanza kwa lugha unayofikiria nayo, ndo ubadilishe baadaye.

Sasa tathmini. Kutathmini sio kumpima profesa, ni kupima kama ushahidi alioleta unatosha kubeba dai alilotoa. Hiyo kazi anaweza kuifanya mtu yeyote aliyesoma kwa makini, huhitaji cheo, unahitaji kujiuliza swali moja: ili dai hili liwe kweli, ni kitu gani lazima kiwe kweli chini yake? Kwa Hyden jibu ni wazi, lazima mkulima awe kweli anaweza kuishi bila soko na bila serikali. Hiyo ndo nguzo, nguzo ikiyumba dai linayumba. Kwahiyo unaenda kutafuta wakulima ambao ukiwaangalia unapata wasiwasi na hiyo nguzo, na wewe mdogo wangu huna haja ya kwenda mbali, toka nje uangalie juu mlimani.

Kilimanjaro watu wamelima kahawa ya kuuza tangu enzi za mkoloni. Chama chao cha kwanza cha wakulima wenyeji kilianza 1925, na 1933 ikaja KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ambayo hata jengo lake unalipita mjini kila siku. Hawa sio watu waliokaa pembeni ya soko. Ada za shule na mabati ya nyumba vimetoka kwenye kahawa. Na kahawa ina adabu yake, chulebuni ikiingia au kutu ya majani, huwezi kuitibu kwa udugu, unahitaji dawa, unahitaji mrututu, na dawa inakuja kupitia chama au serikali au duka. Halafu ardhi. Hyden anategemea mkulima mwenye shamba la kurudia, lakini vihamba, yale mashamba ya ukoo ya mlimani, vilikuwa vimeshagawanywa baba kwa mtoto mpaka vikawa vidogo, vijana wengi wakashuka tambarare au wakaenda mijini. Mtu mwenye kihamba kisichomtosha ana mlango mwembamba sana wa kujitoa. Na 1976 serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika, pamoja na KNCU, ule ushirika uliokuwa unakusanya kahawa ya mkulima uliondolewa juu yake bila yeye kuulizwa, na vyama vikarudishwa kwa sheria ya 1982, miaka miwili baada ya kitabu kutoka. Sasa serikali inayoweza kufanya hivyo kwa mkulima, unaweza kweli kusema haijamnasa? Hilo ndo swali la tathmini, na umeliuliza kwa heshima na kwa ushahidi.

Lakini usikimbilie kushangilia umemshinda, maana ushahidi huohuo una upande wa pili na mhakiki mzuri anauweka mezani yeye mwenyewe kabla lekchara hajamuuliza. Mwaka 1989 mfumo wa mgao wa kahawa duniani ulivunjika, bei ikaporomoka, na watu wengi mlimani waliacha kuhudumia mibuni wakaweka nguvu kwenye migomba, mahindi, nyanya na maziwa. Hapo unamuona mkulima wa Hyden kabisa, soko limembana na yeye kageukia chakula na vitu vya kuuza jirani. Kwahiyo Kilimanjaro haimwangushi Hyden moja kwa moja, inaonyesha kwamba kujitoa kunawezekana ila kwa kiasi, na kwa gharama, na sio kwa kila kaya. Hiyo tathmini ni nzito kuliko "Hyden kakosea" na ni nzito kuliko "Hyden yuko sahihi", na ndo maksi zinapokaa.

Jihadhari na kosa moja hapa. Unaweza ukajaribiwa kuandika kwamba mwandishi ni Mswidi hakuyajua maeneo ya kahawa. Utaumbuka, utafiti wake wa mwanzo hapa nchini aliufanya Buhaya, kule nako ni migomba na kahawa kama kwenu, na alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kahawa aliijua. Kwahiyo lawama yako lazima iwe nyembamba zaidi: kwamba anapojenga nadharia anawaunganisha wakulima wote kuwa kundi moja, wakati kiasi cha kulitegemea soko kinatofautiana sana kati ya mtu wa mlimani mwenye mibuni na kihamba kidogo na mtu wa sehemu yenye ardhi pana anayelima chakula tu. Ndo maana nasema kila mara, kabla hujaandika kwamba mwandishi hajui kitu, tafuta alifanya kazi wapi kabla ya kitabu hicho, inachukua dakika kumi.

Jambo jingine, "hakuzungumzia". Wanafunzi wanapenda sana hii, hakuzungumzia wanawake, hakuzungumzia mazingira, hakuzungumzia vijana. Kitabu hakiwezi kuzungumzia kila kitu na mwandishi hana deni la mada ambayo hakuiahidi. Pengo linakuwa kosa pale tu linapotikisa dai lake mwenyewe. Mfano wa wanawake, ukiandika tu kwamba hakuwazungumzia vya kutosha haijasema kitu. Ila kumbuka moja ya nguzo zake ni nguvu kazi ya familia, na kwenye familia anayepalilia na kuchuma sio lazima ndo anayeshika hela ya mauzo. Ukisema kwamba Hyden anaichukulia kaya kama mtu mmoja mwenye uamuzi mmoja wa kujitoa au kubaki, wakati ndani ya kaya kuna anayefanya kazi na kuna anayeamua, hapo umegusa nguzo, na hilo pengo sasa lina maana. Umeona tofauti? Jambo ni lilelile, ila la kwanza ni lawama na la pili ni hoja.

Na ile sentensi yako ya lugha ngumu itoe. Ugumu wa lugha unatajwa tu kama umesababisha dai lisieleweke, na hapo unaonyesha ni dai gani na ukurasa gani.

Kuhusu unayoyajua kwa sababu wewe ni wa hapa. Kila Desemba mji unajaa, magari ya kutoka Dar yanapanga foleni, watu wanarudi kijijini na hela na magunia na michango ya ukoo, na ukimsoma Hyden na uchumi wake wa udugu lazima hiyo picha ije kichwani. Ni nzuri, itumie, lakini itumie kukupa swali, sio kuwa ushahidi. Usiandike "kwetu Kibosho watu wanafanya hivi" ukadhani umethibitisha. Chukua swali hilo ulipeleke kwa mtu aliyefanya utafiti. Kwa Kilimanjaro una bahati kwamba yupo Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia aliyeandika kitabu kizima juu ya sheria za mila za Wachaga kati ya 1880 na 1980, kilitoka 1986, na humo kuna habari ya vihamba, urithi na uhaba wa ardhi ambayo inakupa ushahidi hasa wa hii hoja ya mlango mwembamba. Udugu kwake sio ndugu wanaosaidiana tu, kuna ndugu wanaogombania mpaka wa kihamba pia, na hilo Hyden kalipa nafasi ndogo.

Aya ya tathmini basi ingeweza kukaa hivi, namba za kurasa utaweka mwenyewe ukiwa na kitabu mkononi:

"Nguvu ya hoja ya Hyden ni kwamba inamrudisha mkulima kwenye maelezo kama mtu mwenye uamuzi, sio mtu wa kupokea sera tu. Udhaifu wake ni kwamba uwezo wa kujitoa anauchukulia kama uko sawa kwa wote. Kwenye Mlima Kilimanjaro, ambako kahawa ilikuwa zao la soko tangu ukoloni na ardhi imebanwa na urithi, kujitoa kulikuwa kwa sehemu tu: kaya ziliweza kupunguza kahawa, lakini hazikuweza kuacha kutafuta fedha. Nadharia ingekuwa imara zaidi kama ingesema ni wakulima gani, wapi, na kwa kiasi gani."

Angalia ilivyojengwa, imeanza na anachokifanya vizuri na imesema kwa nini ni kizuri, halafu udhaifu mmoja, halafu mahali mahususi, halafu nini kingelisaidia dai. Udhaifu mmoja uliochimbwa vizuri unashinda sita ulizozitaja mbiombio.

Haya, fani. Ndo iliyokutisha zaidi nadhani. Fani kwenye uhakiki sio "vitabu vyote kuhusu Tanzania", ni watu wanaojibu swali moja na mwandishi wako. Ichukulie kama kikao cha ukoo ambacho umefika katikati, huwezi kuelewa kwa nini mzee fulani kasimama kuongea mpaka ujue nani kaongea kabla yake na nani kainuka baada yake kumjibu. Kwa Hyden swali la kikao ni hili: kwa nini ujamaa vijijini haukuleta kilichotarajiwa? Ukishaliandika swali, vitabu vya kusoma vinapungua kutoka mia mpaka vitatu au vinne.

Aliyeongea kabla yake ni Issa Shivji, 1976, Class Struggles in Tanzania. Yeye anaangalia juu, kwa wenye madaraka, anasema tabaka la mabepari warasimu lilijijenga kupitia dola yenyewe, tatizo liko kwenye tabaka linalotawala. Hyden 1980 anageuza macho chini, anasema nguvu ya kuamua iko kwa mkulima anayeweza kukwepa. Nelson Kasfir 1986 anaandika makala ya kumjibu Hyden moja kwa moja, anauliza kama kweli wakulima wa Afrika wanajitosheleza, na hoja yake inakwenda sambamba na hii yetu ya mlimani. Halafu 1998 James Scott kwenye Seeing Like a State anatumia vijiji vya ujamaa kama mfano wake mmojawapo, na yeye analaumu aina ya mipango yenyewe, dola inayotaka kila kitu kipangike kwa mistari ionekane vizuri kutoka ofisini, na inayodharau ujuzi wa wenyeji. Sasa weka Hyden na Scott pamoja uone kitu kizuri: wote wawili wanamwona mkulima anaikwepa dola, ila Hyden anasikitika kwamba dola haikumnasa na Scott anaona tatizo ni dola kutaka kumnasa kwa namna ile. Ukiweza kuandika hiyo sentensi moja kwa maneno yako umeshakiweka kitabu kwenye fani.

Usichofanya ni kuweka aya ya mwisho inayosema "vitabu vingine kuhusu mada hii ni cha Shivji, cha Scott na cha Moore". Hiyo ni orodha, haijasema kitu. Jinsi ya kujipima: ifute aya ya fani halafu usome uhakiki uliobaki. Kama hakuna kilichopungua kwenye hukumu yako, basi ilikuwa pambo. Ikiwa imefanya kazi, ukiifuta msomaji hajui tena kwa nini dai la Hyden lilikuwa jipya 1980 wala kwa nini watu bado wanabishana naye. Na fani haikai mwisho tu, sentensi yako ya kwanza kabisa inaweza kuibeba, kwa mfano "Wakati wengi waliotafuta sababu za kukwama kwa ujamaa vijijini waliangalia serikalini, Hyden alimwangalia mkulima." Msomaji keshajua anaingia wapi.

Kuwapata hawa watu bila laibrari kubwa inawezekana. Kwanza angalia tanbihi za Hyden mwenyewe kwenye utangulizi, anabishana na nani kwa jina? Hao ndo waliomtangulia. Pili, ingia Google Scholar, andika jina la kitabu, chini ya jibu utaona maandishi `Cited by`, bonyeza hapo, halafu kuna kisanduku cha kutafuta ndani ya waliomtaja, andika Kilimanjaro, au coffee, orodha inajifupisha yenyewe. Tatu, tafuta mahakiki yaliyotoka kwenye majarida ya kitaaluma miaka michache baada ya kitabu, kati ya 1981 na 1984 hivi, ni kurasa mbili tatu tu kila moja na yanakuonyesha watu wa wakati ule walikishtukia wapi. Ila haya ya tatu uyasome baada ya kuandika tathmini yako, sio kabla, maana ukianza nayo utabeba hukumu ya mtu mwingine bila hata kujua, na ukichukua hoja yake lazima umtaje. Makala nyingine zinafunguka bure, nyingine muombe mkutubi wa chuo, mara nyingi chuo kina njia ya kuingia JSTOR, ile maktaba ya majarida ya mtandaoni, ambayo wanafunzi hawaijui, muulize kabla hujalipa hela yoyote.

Na huhitaji kusoma vitabu vinne vizima kwa wiki mbili, haiwezekani na hakuna anayekutegemea ufanye hivyo. Kwa Shivji na Scott soma utangulizi na sura inayohusu, kwa Scott ni ile ya vijiji vya Tanzania, kwa Kasfir soma makala yote maana ni fupi, kwa Moore tafuta sehemu za ardhi na urithi. Halafu kwenye uhakiki andika tu kile ulichokisoma kweli, usimtaje mtu kwa kusikia.

Jambo dogo la tarehe ambalo huwa linasahaulika. Kitabu cha 1980 usikilaumu kwa kutojua ya 1989. Unaweza kutumia yaliyotokea baadaye kupima kama nadharia inasimama, hiyo ni haki, ila iandike hivyo waziwazi, "matukio ya baadaye yanaonyesha", sio "mwandishi alishindwa kuona".

Mgawanyo wa maneno mimi ningekwenda hivi: ufunguzi wenye swali na dai, 150 hivi, muhtasari 400, tathmini 550, fani 300, na yanayobaki ni hukumu yako, kitabu kinamfaa nani leo na kwa kazi gani. Hiyo hukumu iwe ya wazi, kwa mfano kwamba anayesoma ushirika au kilimo bado anakihitaji kwa sababu ya swali lake, ila asilichukue jibu lake bila Kasfir pembeni. Tathmini ndo iwe ndefu kuliko yote, ikiwa fupi kuliko muhtasari ujue lekchara atakurudishia tena.

Siku tatu za kwanza zitumie kwenye sentensi ya dai na muhtasari tu, usiguse kingine. Wiki inayobakia kabla ya Jumapili ya pili gawa kati ya kusoma hao wengine na kuandika tathmini, na rasimu ya pili mpe mwenzako ambaye hajakisoma kitabu, muulize maswali mawili, Hyden anasema nini, na mimi nasema nini kuhusu Hyden. Akijibu la kwanza akakwama la pili, rudi kwenye aya ya tathmini, ndo inadai kazi. Juu kabisa usisahau jina la mwandishi, jina kamili la kitabu, mchapishaji, mwaka na idadi ya kurasa, nakili kutoka ukurasa wa ndani wa kopi uliyonayo mkononi, sio kutoka mtandaoni, maana toleo linaweza kuwa tofauti na namba zako za kurasa zikamchanganya anayesahihisha.